Blichi na tona kichwa kizima: kwa nini unakaa saa saba kwenye kiti, na kila saa inakwenda wapi

Karibu kila wiki napokea ujumbe uleule: "Dada, nikija saa nane mchana nitatoka saa ngapi? Nataka blondi." Nikijibu kwamba kwa kichwa kizima cha nywele nyeusi mteja aje saa mbili asubuhi na asipange kitu kingine siku hiyo, wengi hudhani natafuta sababu ya kuongeza bei. Nimeandika mwongozo huu ili ujue kinachofanyika tangu unapokaa mpaka unapoinuka, uweze kumuuliza fundi wako maswali ya maana, na umtambue fundi anayeruka hatua.

Nitakuonyesha kwa mteja mmoja niliyemhudumia Dar es Salaam. Nywele zake ni za kipilipili, hazina dawa, na zikinyooshwa zinafika sentimita 25. Mwaka mmoja na nusu nyuma alizipaka rangi nyeusi ya boksi, akaacha zikue. Sentimita 15 za kutoka kichwani zilikuwa nyeusi yake ya kuzaliwa, na sentimita 10 za mwisho zilikuwa nyeusi ya boksi. Kwa macho zilifanana kabisa, lakini mbele ya blichi hizo ni nywele mbili tofauti, na ndizo zilizoamua siku yetu iende vipi.

Kabla hujaja

Siku mbili kabla, pita saluni kwa majaribio mawili. La kwanza ni la ngozi. Tunapaka tona, yaani rangi nyepesi ya kusawazisha nywele baada ya blichi, kidogo tu nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, halafu tunasubiri saa 48. Hili ni la lazima zaidi kwa aliyewahi kupakwa piko likamwasha au kumtoa malengelenge. Piko nyingi zina kemikali iitwayo PPD, na kemikali hiyo au ndugu zake hupatikana kwenye rangi nyingi za nywele na baadhi ya tona. Mwili uliowahi kuikataa mkononi utaikataa kichwani, na mara nyingi kwa ukali zaidi. Kama ni wewe, sema mapema.

Jaribio la pili ni la nywele. Tunakata vishungi vidogo kutoka sehemu tatu, kisogoni, utosini na karibu na paji la uso, tunavipaka blichi na kuviangalia. Vishungi vya mteja wangu vilitoa jibu siku hiyohiyo. Baada ya dakika 45, sehemu ya asili ilikuwa njano. Sehemu ya boksi ilikuwa bado chungwa iliyoiva, inakaribia nyekundu. Yeye alitaka rangi ya majivu, na majivu huhitaji nywele ifike njano hafifu sana, kama ganda la ndizi kwa ndani. Ilibidi tuzungumze kabla ya kugusa kichwa.

Mambo mengine ni haya:

- Usioshe nywele siku moja au mbili kabla. Mafuta ya asili ya ngozi ni kinga nzuri. Ila usipake mafuta mapya wala jeli.
- Usijikune kichwa, na usifumue misuko usiku wa kuamkia miadi. Ngozi iliyochubuka ikiguswa na blichi inaungua.
- Nywele za kipilipili zinyooshwe siku moja kabla kwa mabutu au draya ya joto dogo. Usizipige pasi.
- Vaa blauzi ya vifungo, ya zamani, usije ukalazimika kuvua nguo kupitia kichwani.
- Kula vizuri, na njoo na chaja.

Usipakwe blichi kabisa kama umeweka dawa ya kunyoosha karibuni, kichwa kina vidonda, au una pumu inayoamshwa na harufu kali. Poda ya blichi ina chumvi ziitwazo pasalfeti, na vumbi lake linajulikana kubana kifua, hata kwa sisi mafundi. Ndiyo maana madirisha yanakuwa wazi wakati wa kuchanganya.

Hatua kwa hatua

1. Mahojiano na ukaguzi (saa 2:00 hadi 2:40). Dakika 40 za maneno huonekana kama kupoteza muda, lakini hapa ndipo nywele hupona au huharibika. Nitakuuliza kila kitu kilichopita kichwani kwako kwa miaka mitatu. Usifiche dawa na usifiche boksi. Hina pia itaje. Hina safi ya majani hufanya nywele igome kwenye chungwa. Hina ya pakiti iliyochanganywa na chumvi za madini ni hatari ya aina nyingine: ikikutana na peroksaidi, ile dawa ya maji inayochanganywa na poda ya blichi, inaweza kuchemka, kutoa moshi na kukata nywele palepale. Nikiwa na shaka nachukua kishungi, nakichovya kwenye peroksaidi yenye matone machache ya amonia kwa nusu saa. Kikitoa joto, mapovu au kubadilika rangi ghafla, hakuna blichi siku hiyo.

2. Kugawa na kukinga (2:40 hadi 3:10). Kichwa kinagawanywa mafungu manne, kila fungu na kibanio chake. Mafuta ya mgando yanapakwa kuzunguka paji la uso, masikio na shingo. Kwenye nywele nene kama zetu kazi hii haiharakishwi, kwa sababu kila njia iliyochanwa vibaya sasa itakuwa baka baadaye.

3. Kuchanganya. Kipimo kinachotumika sana ni sehemu moja ya poda kwa mbili za peroksaidi, kwa mfano gramu 30 kwa mililita 60, lakini soma pakiti yako kwanza. Bakuli liwe la plastiki, si la chuma. Changanya kidogokidogo, maana mchanganyiko huanza kupoteza nguvu mara tu unapokutana. Siku ile nilichanganya mara tano.

Hapa niseme kidogo kuhusu volyumu, yaani kipimo cha ukali wa peroksaidi. Volyumu 10 ni peroksaidi ya asilimia 3, volyumu 20 ni asilimia 6, 30 ni asilimia 9, na 40 ni asilimia 12. Wateja huniomba nitumie 40 ili tumalize haraka. Nilipokuwa najifunza kazi nilimsaidia fundi aliyefanya hivyo kwa mteja aliyekuwa anawahi sherehe. Nje nywele iliwaka upesi, lakini ndani rangi ya chungwa ilibaki, na ngozi ya utosi ilitoka malengelenge. Peroksaidi kali huvimbisha na kuvunja nywele kabla rangi iliyo ndani haijapata muda wa kutoka. Mimi natumia 20 kwenye urefu, na 10 au 20 kwenye mizizi. Muda wa ziada ndio unaofanya kazi ambayo watu wanataka ifanywe na nguvu.

4. Kupaka kati na ncha (3:10 hadi 3:50). Tulikuwa watu wawili, mmoja kulia, mwingine kushoto. Tunaanzia nyuma chini, kwa vipande vyembamba kiasi cha nusu sentimita, hivyo kwamba ukiinua kipande unaona vidole vyako upande wa pili. Kila kipande kinapakwa juu na chini kisha kinafungwa ndani ya foili. Tunaanza na ncha zenye boksi, kwa kuwa ndizo ngumu. Tunaacha sentimita moja na nusu karibu na ngozi bila kugusa.

Kosa kubwa la anayejipaka nyumbani liko hapa. Joto la kichwa huharakisha blichi. Ukipaka kuanzia mizizini mpaka nchani kwa mkupuo, mizizi itafika njano huku ncha ziko chungwa, na utatembea na taa kichwani. Kosa la pili ni kupaka blichi kidogo mno. Blichi ikikauka haifanyi kazi tena. Ipakwe kwa wingi kama siagi kwenye mkate, ibaki na unyevu.

5. Kusubiri kwa macho (3:50 hadi 4:35). Unaponiona nafungua foili na kuifunga tena kila baada ya dakika kumi, sijasahau ninachofanya. Nafuta kishungi kwa kitambaa kibichi, naangalia rangi, kisha nakivuta taratibu. Nywele nyeusi haziruki kuwa njano. Hupita kahawia yenye wekundu, nyekundu, chungwa, chungwa yenye njano, njano, halafu njano hafifu. Kila kituo kina muda wake, na cha chungwa ndicho kinachong'ang'ania.

Foili zinafunguliwa kwa mpangilio uleule zilivyofungwa, na kila kipande kinafutwa kwa taulo bichi kabla hakijazidisha dakika 50. Kwa hiyo hakuna wakati ambapo kichwa kizima "kinasubiri" pamoja. Kuna foili nyingi, kila moja na saa yake.

6. Kuosha na kukausha kwa hewa baridi (4:35 hadi 5:05). Maji ya uvuguvugu. Kukausha ni lazima, kwa sababu nywele mbichi huficha rangi yake ya kweli, na huwezi kuamua hatua inayofuata kwa rangi usiyoiona.

7. Mizizi (5:05 hadi 5:55). Mchanganyiko mpya unapakwa kwenye ile sentimita moja na nusu tuliyoiacha. Hapa utasikia kichwa kinawasha kidogo au kuvuta. Hiyo ni kawaida. Kuungua kwa maumivu makali, kama pilipili kwenye kidonda, si kawaida: sema hapohapo, tunaosha, hata kama rangi haijafika. Kuna wateja wanavumilia kwa heshima, wakidhani uzuri una gharama yake, halafu wanarudi na magamba. Usivumilie.

8. Uamuzi wa mzunguko wa pili (5:55 hadi 7:00). Baada ya kuosha na kukausha tena, mizizi na sehemu ya kati ya nywele za mteja wangu zilikuwa njano, na ncha zilikuwa chungwa. Nilichukua unywele mmoja wa nchani, nikaulowesha na kuuvuta. Nywele nzima huvutika kidogo ikarudi. Iliyochoka huvutika kama ubani uliotafunwa, hairudi, kisha inakatika. Wake ulirudi, ila polepole.

Nikamwambia wazi kwamba zina nguvu ya mzunguko mmoja mwepesi, si miwili. Tukapaka ncha peke yake, volyumu 10, dakika 25. Zilitoka kwenye chungwa zikafika chungwa yenye njano, tukaishia hapo. Kwa majivu tungehitaji mizunguko mingine miwili, na sentimita 10 zile zingeanguka kwenye sinki. Alikuwa na njia mbili: azikate abaki na nywele fupi za majivu, au abaki na urefu na tuchague rangi ambayo ncha zinaiweza. Alichagua asali.

9. Tona (7:00 hadi 7:45). Tona haing'arishi nywele. Kazi yake ni kufunika na kusawazisha rangi iliyobaki baada ya blichi. Zambarau huua njano, bluu huua chungwa. Ndiyo maana huwezi kupaka tona ya majivu juu ya nywele ya chungwa ukapata majivu: utapata kahawia iliyofifia, na utamlaumu fundi wa tona wakati tatizo ni blichi isiyofika.

Kwa mteja wangu, mizizi iliyokuwa njano ilipata tona ya asali iliyokolea kidogo kuliko ilivyokuwa, ili ishuke ikutane na ncha. Ncha zilipata ileile ikiwa na bluu kidogo, kuzima chungwa. Tona huchanganywa na peroksaidi nyepesi ya volyumu 10 au chini yake, na hupakwa kwenye nywele zenye unyevu. Ncha zilizochoka hunywa rangi haraka mno, kwa hiyo zinapakwa mwisho, na tunafuta kishungi kila dakika tatu. Kuna vichwa vinavyomaliza kwa dakika tano na vingine ishirini. Kwenye hatua hii hunioni nikipokea simu.

10. Kufunga kazi (7:45 hadi 9:00). Kuosha, kondishena yenye asidi kidogo ya kutuliza nywele iliyovimba, kupunguza ncha sentimita 3, kisha draya ya joto dogo. Ukikaushwa kwa joto kali dakika hiyo, sehemu ya tona itabadilika ukiwa bado kwenye kiti. Alitoka saa tisa alasiri. Saa saba kamili.

Ukizihesabu vizuri utaona kwamba blichi na tona zilikuwa kazini kama nusu ya muda huo. Nusu nyingine ni kugawa, kuosha, kukausha na kukagua, na fundi anayekuahidi saa tatu kwa kichwa kama hiki amezitoa hizo.

Mambo yakienda kombo

*Mizizi inang'aa kuliko ncha.* Usirudie blichi kichwa kizima. Mizizi ishushwe kwa tona iliyokolea kidogo. Ncha ziguswe tu kama jaribio la kuvuta linaruhusu.

*Nywele zimekuwa zambarau au kijivu chafu.* Tona ilikaa sana. Osha mara moja au mbili kwa shampuu ya kusafisha kwa kina. Sehemu kubwa itatoka, na kitakachobaki kitafifia kwa kuosha kwa wiki chache.

*Zimekuwa na ukijani.* Mara nyingi ni tona yenye bluu iliyowekwa juu ya njano tupu. Inahitaji wekundu kidogo kurudisha usawa. Usijaribu nyumbani kwa kupaka rangi nyingine ya boksi, maana safari nzima ya kutoa rangi itaanza upya.

*Zinavutika kama ubani.* Simamisha kila kitu: blichi, pasi, na misuko ya kubana. Weka tiba ya protini, na kubali kukata sehemu iliyokufa. Hakuna mafuta yanayounganisha unywele uliokatika.

*Ngozi imevimba, macho yanafumba, au unapumua kwa shida.* Osha kwa maji mengi na nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Chukua picha ya pakiti iliyotumika uende nayo.

*Chungwa imerudi baada ya wiki tatu.* Tona huisha, si ya kudumu. Shampuu ya zambarau mara moja kwa wiki husaidia nywele za njano, na za asali yenye chungwa husaidiwa na ya bluu. Angalia pia maji yako. Maji ya kisima yenye chuma hupaka nywele iliyoblichiwa wekundu, na yenye shaba huipaka uchafu wa kijani, kwa sababu nywele hiyo imefunguka na inanyonya kila kitu. Kama bomba lako ni la kisima, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya kunywa. Jagi mbili zinatosha.

*Umeme umekatika katikati.* Blichi haihitaji umeme, itaendelea. Wasiwasi ni pampu ya maji. Kabla hujakaa, uliza kama saluni ina ndoo zilizojazwa au tangi lililo juu. Blichi isiyooshwa kwa wakati ndiyo inayokata nywele.

Lini urudi

Rudi kwa mizizi wiki ya sita hadi ya nane. Nywele zetu hukua pungufu kidogo ya sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo wakati huo mche mpya bado uko ndani ya eneo linalopata joto la ngozi, na rangi yake inatoka sawasawa. Hapo tunapaka mizizi na tona tu, na kwa nywele kama za mteja huyu unatoka baada ya saa tatu hivi. Ukija baada ya miezi mitano, mche wa karibu na ngozi utafika njano wakati ule wa mbele yake uko chungwa, na utapata mkanda unaozunguka kichwa. Kuuondoa mkanda huo kunahitaji kugawa upya, foili upya, na kukagua kishungi kwa kishungi, kwa hiyo panga kuja saa mbili asubuhi.